Nest Mini imegoma kuingia kwenye Wi-Fi? Jua kwanza imekwama wapi

Spika nyingi za Google ninazoletewa hapa Kigoma hazikununuliwa hapa. Zimekuja kwenye begi la ndugu aliyerudi likizo au zimetumwa na mtoto anayesoma nje, na zinafika Mwanga au Gungu zikiwa bado na plastiki yake. Mtumaji ameshasema kwenye simu kwamba "ni kuchomeka tu". Mara nyingi ni kweli. Ikigoma, programu inatoa sentensi fupi ya Kiingereza ambayo haisemi tatizo ni nini, na mwenye spika anabaki kuizima na kuiwasha mpaka anakata tamaa.

Mwongozo huu ni wa Nest Mini, ile ndogo ya duara iliyovikwa kitambaa, inayounganishwa kwa programu ya Google Home. Mwenye Echo Dot ya Amazon atatumia programu ya Alexa na vitufe vyake ni vingine, lakini matatizo ya ruta nitakayoeleza yatamkuta na yeye.

Kinachofanyika nyuma ya kioo cha simu

Spika haina kioo wala kibodi, kwa hiyo hakuna mahali pa kuiandikia nenosiri la Wi-Fi. Simu ndiyo inayoisaidia, na kazi yote inapita kwenye sehemu tatu.

Kwanza, simu inaitafuta spika iliyo karibu, kwa Bluetooth na pengine kwa Wi-Fi ndogo ya muda ambayo spika yenyewe inairusha. Hapo ruta yako haihusiki kabisa.

Pili, simu inaikabidhi spika jina la Wi-Fi yako na nenosiri. Spika inaachana na simu na kwenda yenyewe kubisha hodi kwenye ruta.

Tatu, ikishaingia, simu inaitafuta tena, safari hii kwa kupitia ruta. Wakati huohuo spika inatoka kwenye intaneti kujiandikisha kwenye akaunti yako na kushusha toleo jipya la programu yake.

Kila sehemu ina ugonjwa wake na dawa yake. Anayehangaika na nenosiri wakati simu haijaiona hata spika anapoteza muda, na anayenunua ruta mpya wakati bando ndilo lililoisha anapoteza hela.

Umeme kwanza

Nest Mini haina betri. Inatumia adapta yake yenye kichwa cha duara, na adapta hiyo inatoa volti 14, kwa hiyo waya wa chaji ya simu hautaingia na pawabenki ya kawaida haitaiwasha. Adapta ikipotea, tafuta yenye volti hizohizo na kichwa kilekile.

Spika ikiwa imetoka Marekani, plagi yake ina pini mbili bapa na haiingii kwenye soketi zetu. Soma maandishi madogo kwenye adapta yenyewe. Ukiona `INPUT 100-240V`, umeme wetu wa volti 230 hauna shida nayo, na unachohitaji ni kibadilisha plagi kinachouzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme. Kuna watu wameuziwa transfoma nzito ya kushusha umeme kwa ajili ya kaspika haka. Hawakuihitaji.

Ukichomeka, taa nne ndogo zitawaka chini ya kitambaa na spika itatoa mlio wa kuwaka. Iweke chumba kimoja na ruta kwa ajili ya kazi hii ya kwanza. Baadaye utaihamishia unapotaka.

Upande wa spika, karibu na waya wa umeme unapoingia, kuna swichi ndogo ya kuzimia maikrofoni. Iache maikrofoni ikiwa imewashwa. Ukiona taa za rangi ya chungwa, ujue imezimwa.

Kuunganisha, hatua kwa hatua

1. Pakua Google Home kutoka Play Store au App Store. Simu ikiwa ya zamani mno, duka lenyewe litakwambia programu haiikubali. Azima simu ya mtu wa nyumbani, lakini ukumbuke kwamba spika itasajiliwa kwenye akaunti ya Google utakayoingia nayo.

2. Unganisha simu na Wi-Fi ileile unayotaka spika iitumie. Washa Bluetooth na `Location`. Programu ikiomba ruhusa ya kuona vifaa vilivyo karibu au kujua mahali ulipo, kubali. Kwenye iPhone itaomba pia ruhusa ya `Local Network`, nayo usiikatae.

3. Zima data ya simu. Kama una VPN, izime pia. Sababu zake utaziona mbele.

4. Fungua Google Home. Programu inaweza kukuonyesha yenyewe kwamba imeiona spika mpya. Isipofanya hivyo, gusa alama ya `+`, kisha chagua kuongeza kifaa kipya cha Google Nest. Maneno hubadilika kidogo kila programu inapofanyiwa marekebisho, lakini alama ya kujumlisha ipo siku zote.

5. Kama hujawahi kutumia programu hii, itakutaka uunde "nyumba" na kuipa jina. Andika jina lolote.

6. Simu itaitafuta spika, kisha spika italia na programu ikuulize kama umeusikia mlio. Mlio huo una kazi yake: unathibitisha kwamba simu inaongea na spika yako na siyo ya jirani. Ukiusikia, gusa `Yes`.

7. Chagua chumba, kwa mfano `Living room`. Hili ni jina tu la kukusaidia kuitambua.

8. Sasa inakuja orodha ya Wi-Fi. Gusa ya kwako, andika nenosiri, endelea.

9. Subiri. Spika inaingia kwenye ruta, inashusha programu yake mpya, na pengine inajizima na kujiwasha yenyewe. Kwa intaneti ya laini hii huweza kuchukua dakika kadhaa. Usichomoe umeme hapa.

10. Maswali yanayobaki ni ya akaunti, sauti na huduma za muziki. Mengi unaweza kuyaruka. Lugha chagua Kiingereza, maana spika hii haisikii Kiswahili.

Ukifika mwisho, gusa picha ya spika kwenye programu, pandisha na kushusha sauti. Ikiitikia, kazi imekwisha.

Simu haiioni spika kabisa

Hii ni sehemu ya kwanza, na karibu kila mara kosa liko kwenye simu. `Location` imezimwa, au programu ilinyimwa ruhusa siku ya kwanza na haikuomba tena. Nenda kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya programu, fungua Google Home na uangalie `Permissions`. Ruhusu zote mbili, `Location` na `Nearby devices`, halafu ifunge programu kabisa na kuifungua upya.

Sababu nyingine ni kwamba spika ilishawahi kutumika. Ndugu aliyekutumia aliijaribu kwake kabla ya kuifunga, hivyo bado inakumbuka Wi-Fi ya huko na inaisubiri. Spika ya namna hiyo inatakiwa kufutwa kumbukumbu, na namna ya kuifuta ipo chini.

Spika imeonekana, lakini Wi-Fi yako haimo kwenye orodha

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo mafundi wengi wanapoamua kwamba spika ni mbovu.

Mwalimu mmoja wa Gungu aliniita nyumbani kwake. Spika imetoka Marekani kwa mwanawe, ruta ni ya laini ya 4G, na fundi aliyepita kabla yangu alimwambia spika za Marekani hazikubali laini za Tanzania. Nikamwomba arudie hatua zote mimi nikiangalia. Simu iliiona spika. Mlio ukalia, akagusa `Yes`. Ikaja orodha ya Wi-Fi: ya jirani wa kushoto ipo, ya duka la mbele ipo, ya kwake haipo. Na ruta iko juu ya kabati, hatua chache kutoka tulipokaa.

"Lakini simu yangu si hii hapa imeshikwa nayo?" akauliza. Kweli, simu ilikuwa imejaa mistari yote.

Jibu liko kwenye ile orodha. Orodha ya hatua ya 8 inatoka kwa spika, si kwa simu. Spika ndiyo inayosikiliza hewani na kumwambia simu Wi-Fi inazozisikia. Kwa hiyo Wi-Fi inayoonekana kwenye simu na kukosekana kwenye orodha ile ni Wi-Fi ambayo masikio ya spika hayaifikii. Hapo nenosiri halihusiki, bando halihusiki, na laini ya Tanzania haihusiki.

Kwa nini isiifikie kwa umbali ule? Wi-Fi ya masafa ya 2.4 GHz imegawanywa kwenye chaneli. Nchi nyingi zinaruhusu chaneli 1 mpaka 13. Marekani vifaa vya nyumbani kwa kawaida vinaishia chaneli 11. Kifaa kilichotengenezwa kwa soko la Marekani mara nyingi hakizisikilizi kabisa chaneli 12 na 13, wakati simu iliyonunuliwa Kariakoo au Mwanga inazisikia bila shida. Ruta ikiachwa ijichagulie chaneli yenyewe, inaweza siku moja kukaa kwenye 13 kwa kuwa imeiona haina msongamano. Simu zote za nyumbani zinaendelea kama kawaida, spika peke yake inakuwa kiziwi.

Kuhakikisha hilo ni rahisi. Kwenye simu ya Android pakua programu yoyote ya kupima Wi-Fi, kwa mfano WiFiman, na uangalie Wi-Fi yako iko chaneli ya ngapi. Programu nyingine zinaonyesha masafa badala ya chaneli: chaneli 11 ni 2462 MHz, 12 ni 2467 na 13 ni 2472. Kwa mwalimu ilisoma 13.

Kurekebisha, unaingia kwenye ruta yenyewe. Simu ikiwa kwenye Wi-Fi hiyo, fungua kivinjari na uandike anwani iliyobandikwa chini ya ruta. Mara nyingi ni mojawapo ya hizi:

```
192.168.8.1
192.168.1.1
192.168.0.1
```

Nenosiri la kuingilia humo limeandikwa kwenye kibandiko hichohicho, na si lazima liwe lile la Wi-Fi. Ndani tafuta mipangilio ya Wi-Fi, ambayo kwenye ruta nyingi inaitwa `WLAN`, kisha sehemu ya `Advanced`. Utaona neno `Channel` likiwa limewekwa `Auto`. Libadilishe liwe 1, 6 au 11. Nazitaja hizo tatu kwa sababu haziingiliani zenyewe kwa zenyewe. Kati yake chukua ile ambayo majirani hawaitumii sana, kama ulivyoona kwenye programu ya kupimia. Hifadhi. Wi-Fi itakatika kwa muda mfupi na kurudi.

Kwa mwalimu tuliweka 6, tukarudi kwenye Google Home na kuanza upya. Safari hii Wi-Fi yake ilikuwa ya kwanza kwenye orodha, na yaliyobaki yakaenda bila swali.

Kama chaneli yako iko sawa na bado Wi-Fi haionekani, angalia kama jina lake limefichwa, yaani `Hide SSID`. Lifichue mpaka umalize. Suala la 2.4 na 5 GHz, ambalo watu hulitaja haraka haraka, kwa Nest Mini halina uzito mkubwa, maana inapokea zote mbili. Ruta yako ikirusha 2.4 peke yake inatosha. Ninayoiangalia zaidi ni 5 GHz ya ruta mpya, kwa sababu haipenyi vizuri ukuta wa tofali. Spika inayowekwa chumba cha mbali iunganishe na 2.4.

Wi-Fi ipo, nenosiri limeandikwa, halafu inakataa

Andika nenosiri taratibu huku ukiwa umegusa alama ya jicho ili ulione. Vibandiko vya ruta vina tabia ya kuchanganya O na sifuri, I kubwa na l ndogo. Nenosiri likiwa sahihi na bado linakataliwa, ingia kwenye ruta, sehemu ya usalama wa Wi-Fi, `Security mode`. Ruta mpya zinaweza kuwa zimewekwa `WPA3` peke yake, na vifaa vya zamani huishindwa. Weka `WPA2-PSK`.

Angalia pia idadi ya vifaa. Mifi ndogo zina kikomo cha watu zinaoweza kuwabeba kwa wakati mmoja, na ukiongeza simu za watoto, runinga na kompyuta, spika inaweza kuwa ndiyo imefika mlango umefungwa. Ondoa simu mbili tatu, jaribu tena. Na kama aliyekuuzia ruta aliweka kichujio cha `MAC`, kifaa chochote ambacho hakijaandikwa humo hakitaingia hata kwa nenosiri sahihi.

Imeingia, kisha programu inasema haiwezi kuwasiliana nayo

Hii ni sehemu ya tatu, na ujumbe wake maarufu ni `Could not communicate with your Nest Mini`. Unakuja baada ya simu kusubiri na kusubiri. Spika imeshaingia kwenye ruta, lakini simu haiioni ng'ambo ya pili.

Anza na simu. Kama data ya simu ilikuwa imewashwa, simu inaweza kuwa imeikimbia Wi-Fi kimyakimya na kuhamia kwenye laini, nayo spika iko kwenye Wi-Fi, kwa hiyo hawawezi kukutana. VPN inafanya jambo lilelile kwa njia nyingine: inayabeba mawasiliano ya simu na kuyapeleka mbali, na ya hapa nyumbani yanakosa njia. Ndiyo maana hatua ya 3 ipo.

Vikiwa vimezimwa vyote na ujumbe unarudi, hamia kwenye ruta. Kuna mpangilio unaoitwa `AP Isolation`, kwenye ruta nyingine `Client Isolation`. Ukiwashwa, kila kifaa kinaruhusiwa kwenda kwenye intaneti lakini vifaa haviruhusiwi kuonana. Ni mzuri kwa nyumba ya wageni ambako hutaki mpangaji wa chumba namba 4 aone kompyuta ya namba 5. Kwa spika ni ukuta, kwa sababu simu na spika lazima zionane. Uzime. Wi-Fi ya wageni, `Guest network`, inakuja na ukuta huohuo tayari, kwa hiyo usiitumie kwa spika.

Wi-Fi za hosteli na nyumba za kulala wageni zinazokufungulia ukurasa wa kuandika namba ya vocha kabla ya kukuruhusu, hizo achana nazo kwa spika hii. Haina kioo cha kufungulia ukurasa huo.

Bando

Nimeliweka peke yake kwa sababu linadanganya. Laini ndani ya ruta ikiishiwa bando, Wi-Fi haizimiki. Alama inabaki imejaa kwenye simu, spika inaingia kwenye ruta vizuri, kisha inakwama inapotaka kwenda kujiandikisha. Kama data ya simu imewashwa, simu yenyewe inaendelea kufungua kurasa kwa kutumia laini yake, na mwenye nyumba anaapa kwamba intaneti ipo.

Kuna na udanganyifu wa ndani zaidi: bando la mitandao ya kijamii. WhatsApp inatuma na kupokea, picha zinafunguka, lakini spika inahitaji kufika kwenye seva za Google na bando hilo halifiki huko.

Kipimo chake ni hiki. Zima data ya simu, baki na Wi-Fi peke yake, fungua kivinjari na uende kwenye tovuti ambayo hujaifungua siku za karibuni. Usitumie WhatsApp kama kipimo. Tovuti isipofunguka, weka bando la intaneti la kawaida kwenye laini ya ruta, zima ruta na kuiwasha, halafu endelea. Kwa kuwa siku ya kwanza spika inashusha programu yake mpya, usianze kazi hii na bando la mabaki.

Kutenganisha kosa la ruta na la spika

Ukiwa umebanwa na hujui ulaumu nani, tafuta simu mbili. Simu ya kwanza irushe hotspoti, yenye bando na jina rahisi. Simu ya pili iingie kwenye hotspoti hiyo na iwe ndiyo yenye Google Home. Isajili spika kupitia hapo. Simu moja haiwezi kufanya kazi zote mbili, kwa sababu inaporusha hotspoti kwa kawaida inakuwa haiko kwenye Wi-Fi yoyote, na programu inahitaji iwepo.

Spika ikikubali kwenye hotspoti, spika ni nzima na ugomvi wako uko kwenye ruta: chaneli, usalama, `AP Isolation`, au bando. Ikikataa na huko pia, ifute kumbukumbu na ujaribu tena. Ikikataa hata baada ya hapo, ndipo fundi ana haki ya kusema ni mbovu.

Kuifuta kumbukumbu

Spika ikiwa kwenye umeme, sukuma swichi ya maikrofoni mpaka taa ziwe za chungwa. Bonyeza katikati ya spika kwa juu, pale taa zilipo, na usiachie. Baada ya sekunde 5 itaanza kujifuta. Endelea kubonyeza kama sekunde 10 zaidi, mpaka usikie mlio wa kuthibitisha. Ukiachia mapema inaghairi, na watu wengi wanaachia mapema. Ikishawaka, rudisha swichi ya maikrofoni na uanze hatua ya 4.

Kwenye Google Home, kama spika ya zamani bado inaonekana kwenye orodha yako, iondoe kabla ya kusajili upya, usije ukawa na mbili zenye jina moja na moja ikiwa mzimu.

Umeme ukikatika, ruta ikibadilika

Umeme ukirudi, spika huwaka haraka kuliko ruta ya laini, ambayo inahangaika kwanza kutafuta mnara. Iache, itajaribu yenyewe tena. Ikizubaa sana, chomoa spika peke yake na kuichomeka ruta ikiwa imeshakaa sawa.

Ukibadilisha nenosiri la Wi-Fi, spika haitakuuliza lipya, itapotea tu. Fungua mipangilio yake kwenye Google Home, tafuta `Wi-Fi`, chagua `Forget this network`, kisha isajili tena. Na ukihamia mtandao mwingine ukapewa ruta mpya, ingia ndani yake kabla hujaichomoa ya zamani, uipe jina lilelile la Wi-Fi, nenosiri lilelile na `Security mode` ileile, herufi kubwa kwa ndogo. Spika itaingia yenyewe bila kujua kuwa ruta imebadilishwa, na simu za watu wote wa nyumbani vilevile. Chaneli kwenye ruta mpya usisahau kuitoa kwenye `Auto`.